"Bei lazima irudi": malalamiko ya foreksi na funzo la shilingi ya Kenya

Malalamiko mengi yanayofika mezani kwetu kutoka kwa wafanyabiashara wadogo wa foreksi, yaani biashara ya fedha za kigeni, yanafanana: dalali amefunga biashara zangu kwa hasara, na wiki chache baadaye bei ikarudi palepale nilipotabiri. Picha ya chati huwa imeambatanishwa, na kweli bei imerudi. Lakini tukikagua kumbukumbu za akaunti, mara nyingi hatukuti wizi. Tunachokuta ni mtu aliyesubiri bei irudi katika soko ambalo bei ilikuwa na safari ndefu ya upande mmoja.

Kuna njia mbili zinazopingana. Anayefuata mwelekeo hununua kinachopanda, akiamini kitaendelea kupanda. Richard Dennis, mfanyabiashara wa soko la bidhaa wa Chicago, alipoajiri wanafunzi wake mwaka 1983, aliwafundisha kanuni ya aina hii: nunua bei ikivuka kilele cha siku 20, toka ikivunja sakafu ya siku 10. Anayesubiri wastani hufanya kinyume. Bei ikipanda mbali na wastani wake huuza, akitarajia ishuke.

Tazameni dola dhidi ya shilingi ya Kenya. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 123. Mwishoni mwa Januari 2024 ilikaribia 160. Tuseme, kwa hesabu tu, mtu ameweka kwa dalali dhamana ya shilingi 50,000, yaani fedha ya kufidia hasara, akaona 130 ni ghali mno. Anauza dola 1,000 asizokuwa nazo, akitarajia kuzinunua tena kwa bei ya chini. Ikifika 140 anauza 1,000 nyingine, na kwenye 150 anaongeza 1,000 tena, kwa sababu kila hatua dola inaonekana "ghali zaidi". Wastani wa bei aliyouzia ni 140. Bei ikigusa 156.70, hasara yake ni shilingi 50,000 na zaidi kidogo, na dhamana imekwisha. Kwa kawaida dalali hufunga kabla ya hapo, na mkataba mliosaini unamruhusu.

Mwishoni mwa Machi 2024 dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 131. Mtu wetu alikuwa sahihi kuhusu mwisho wa safari, ila akaunti iliungua njiani. Naomba hili lieleweke, maana tunalirudia kila wiki: kuwa sahihi baadaye hakurudishi dhamana iliyokwisha leo.

Kwa nini mwelekeo ule ulidumu? Shinikizo lilikuwa la upande mmoja na la polepole. Benki kuu ya Marekani ilikuwa inapandisha riba, dola zilikuwa adimu, na Yurobondi ya Kenya, yaani deni la serikali kwa wawekezaji wa nje, ya dola bilioni 2 ilikuwa inapaswa kulipwa Juni 2024. Kila aliyeogopa alinunua dola mapema, na ununuzi huo ukazidisha hofu. Soko la namna hii humfaa anayefuata mwelekeo. Februari 2024 serikali ilitoa Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 ili kununua sehemu kubwa ya ile ya zamani, na Benki Kuu ya Kenya ikapandisha riba hadi asilimia 13. Hofu ikaisha ghafla. Hapo aliyefuata mwelekeo alirudisha sehemu ya faida yake, kwa sababu kanuni yake humtoa baada ya kilele.

Baadaye dola ilitulia karibu na 129 kwa muda mrefu. Msidhani kwamba soko lililotulia ndilo la kusubiri wastani. Njia hiyo inahitaji bei inayoyumba, tena iyumbe kupita tofauti ya bei ya kununua na kuuza, na iwe na kitu kinachoivuta irudi. Bei isiyoyumba haimlipi yeyote kati ya hao wawili.

Jambo jingine linalotuchosha ni matangazo ya wauza signo, yaani dokezo za lini kununua na kuuza: "nimeshinda mara tisa kati ya kumi." Anayesubiri wastani hushinda mara nyingi kidogo kidogo, kisha hasara moja humeza zote. Anayefuata mwelekeo hushindwa mara nyingi kidogo, akafidiwa na safari moja ndefu. Kwa hiyo idadi ya ushindi peke yake haisemi kitu. Muulizeni muuzaji hasara yake kubwa kuliko zote ni kiasi gani, na hutoka wapi bei ikimkataa. Asiye na jibu la swali la pili ndiye yule aliyeuza kwenye 130, 140 na 150.

Ikiwa bado mnaamini dalali amekosea, mwandikieni yeye kwanza. Tajeni namba ya kila oda, saa na dakika ilipofunguliwa na kufungwa, na salio la dhamana wakati huo. Ambatanisheni taarifa kamili ya akaunti, siyo picha ya chati, kwa kuwa chati haionyeshi dhamana. Hakikisheni jina la kampuni kwenye mkataba ni lilelile lililo kwenye orodha ya wenye leseni. Kufanana tu hakutoshi. Asipojibu, tuleteeni nakala ya barua hiyo pamoja na taarifa hiyo ya akaunti.