Mito ya vitenge, kikoi na drafti kwenye kochi moja: pima mchoro kabla ya rangi

Mama mmoja wa Tabata alinipigia simu akaniambia, "Fundi, mito yangu yote ni mizuri, lakini nikiipanga pamoja sebule inakuwa kama duka la vitenge." Nilienda kuona. Kochi la watu watatu, la kahawia iliyokolea, juu yake mito saba. Kila mto alikuwa ameushonesha kwa kitenge tofauti, na kila kitenge alikichagua mwenyewe Kariakoo, kwa macho mazuri kabisa. Alishaanza kuamini kwamba rangi ndizo zilizomwangusha, kwa hiyo alikuwa tayari kutoa yote na kununua mito ya rangi moja.

Rangi hazikuwa na kosa. Niliichukua ile mito mmoja mmoja nikaweka ngumi yangu juu ya mchoro. Kwenye mito mitano kati ya saba, ua au duara moja lilitoshana na ngumi. Hapo ndipo penye tatizo, na ndipo ninapolikuta kwenye nyumba nyingi ninazoitwa. Michoro mitano yenye ukubwa mmoja ikikaa bega kwa bega, jicho halijui lianze na upi. Linaruka kutoka huu kwenda ule bila kutua, na huko kuruka ndiko watu wanakokuita fujo.

Mimi hupima kwa mkono. Mchoro mkubwa ni ule ambao kiganja nilichokikunjua hakiufuniki. Wa kati unatoshana na ngumi. Mdogo ni kama kifuniko cha chupa ya soda, au chini ya hapo. Kochi moja likipata kimoja cha kila daraja, vitambaa vinaanza kupeana nafasi hata kama asili yake ni mbalimbali. Mkubwa unaonekana kwanza, wa kati unafuata, na mdogo kwa mbali unakuwa kama rangi tu, mpaka ukae karibu ndipo uone kwamba ni vidoa. Bora kila daraja liwe angalau mara mbili ya lile la chini yake, maana tofauti ndogo jicho huichukulia kuwa ni kitu kilekile kilichokosewa.

Kwa yule mama tulibakiza vitenge viwili tu. Cha kwanza kilikuwa na maduara makubwa ya buluu na rangi ya haradali, na kwa bahati nzuri kipande cha yadi mbili kilikuwa bado kabatini. Mto wake wa zamani ulikuwa umekatwa ovyo, duara limepasuliwa nusu huku na robo kule, na mchoro mkubwa uliokatwa hivyo hugeuka vipande visivyo na jina. Kwa hiyo tulikata upya. Nilichukua kadibodi nikatoboa dirisha la sentimita 48 kwa 48, nikaliburuza juu ya kitenge polepole hadi duara likakaa katikati kabisa, nikaweka alama kwa chaki, kisha nikaongeza sentimita moja na nusu kila upande kwa ajili ya mshono. Kitambaa kinapotea kwa kukata hivi, sifichi. Ukinunua kitenge cha mchoro mkubwa kwa mito miwili, nunua zaidi ya unachodhani kinatosha. Mto wa ndani ulikuwa wa sentimita 50, yaani mkubwa kidogo kuliko foronya, ili pembe zijae na mchoro usimame bila kukunjamana.

Cha pili kilikuwa cha vidoa vidogo, buluu juu ya rangi ya maziwa. Hiki tulikiacha kilivyo.

Daraja la kati tulilijaza kwa kikoi. Mistari ninaipenda kwa kazi hii kwa sababu haina umbo la kushindana na ua wala duara, inapita tu. Lakini kikoi kina mistari kwenye mapindo, na katikati mara nyingi ni rangi moja. Ukikikata bila kuangalia utapata mto mmoja wenye mistari na mwingine usio na kitu. Mimi nilikata pindo lipite katikati ya mto wa mstatili, sentimita 30 kwa 50, na lile eneo tupu likabaki pande zote mbili. Mto mmoja wenye mistari na utulivu wake humohumo.

Kanga inataka uangalifu wake. Ni nyembamba, kwa hiyo iwekee kitambaa cheupe kwa ndani, la sivyo mto wa ndani utaonekana. Pia ina jina, na jina limekaa chini ya mji, ile sehemu ya katikati, karibu na pindo. Ukikata mwanzo na mwisho wa "Japo sipati tamaa sikati" utabaki na "sipati tamaa", na hayo ni maneno mengine kabisa ya kumwekea mgeni mgongoni. Ama jina liingie zima, ama likae nje.

Baada ya ukubwa ndipo ninaangalia ukali. Piga picha ya kochi ukiwa mlangoni, kisha ibadilishe kwenye simu iwe nyeusi na nyeupe. Rangi zikiondoka utaona ukweli: mto wenye nyeusi na nyeupe zilizogongana utaruka mbele ya mingine yote. Mmoja wa namna hiyo unatosha. Kanga ya kisutu, kwa mfano, nyekundu, nyeusi na nyeupe yake ina nguvu sana, na mito minne ya kisutu kwenye kochi jeupe inachosha macho.

Kuhusu rangi nina neno moja tu. Chagua rangi moja kutoka kwenye mchoro mkubwa, uirudie mahali patatu. Kwa yule mama ilikuwa haradali: kwenye maduara, kwenye mstari mmoja wa kikoi, na kwenye mto mmoja usio na mchoro wowote. Na usichanganye nyeupe kali na rangi ya maziwa kwenye mito inayogusana, kwa sababu ile ya maziwa itaonekana chafu hata ikitoka kufuliwa.

Yeye alikuwa pia na shuka la Kimasai la drafti nyekundu, zawadi ya mdogo wake, na alitaka lionekane. Alikuwa amelitandaza kwenye kochi zima, na drafti ikawa mandhari nyuma ya kila mto. Tulilikunja mara tatu kwa urefu, tukaliweka juu ya mkono mmoja wa kochi, upande usio na mito ya maduara. Likaonekana kama ukanda wa upana wa sentimita 35 hivi, na drafti ikatulia. Kabla ya hapo nililoweka pembe yake na kuisugua kwa kitambaa cheupe, kwa kuwa nyekundu ya mashuka mengine huchuja na kuharibu kochi. Kitenge nacho kifue kabla ya kukata, gundi itoke na kisinyae kikiwa bado kipande.

Mwisho tulihesabu: maduara miwili pembeni, kikoi mmoja katikati, vidoa mmoja, haradali mmoja. Mito mitano badala ya saba. Vile vitenge vingine vya ngumi tulivigawa, kimoja kwa kila kiti cha mtu mmoja, peke yake. Na nyuma ya kila foronya nilishona kitambaa cha buluu iliyokolea, zipu chini, ili akitaka kupumzisha macho ageuze miwili mitatu.