r ya 0.96 si usahihi wa asilimia 96

Rigresheni sahili ni kutafuta mstari mnyoofu unaopita karibu zaidi na nukta za vitu viwili vinavyokwenda pamoja, ili ukikijua kimoja ukadirie kingine. Hilo wengi wanalielewa. Kinachopotoshwa kila siku ni r, kipimo cha uhusiano. Utasikia mtu wa usafirishaji akisema: "r yetu ni 0.96, kwa hiyo makadirio yetu ya shehena ni sahihi kwa asilimia 96." Sivyo.

Tuchukue mfano wa kampuni ya malori yanayotoka Dar es Salaam kupitia Tunduma kwenda Lusaka. Kiashiria chake ni makontena ya transiti yaliyoshushwa bandarini mwezi huu. Kinachokadiriwa ni tani itakazobeba mwezi unaofuata. Tuseme kwa miezi mitano makontena yalikuwa elfu 4, 4.5, 5, 5.5 na 6, na tani zake kwa mfuatano huo 2,100, 2,200, 2,700, 2,700 na 3,300.

Wastani ni makontena elfu 5 na tani 2,600. Kwa kila mwezi, zidisha tofauti ya makontena na wastani wake kwa tofauti ya tani na wastani wake, kisha jumlisha: 1,450. Jumla ya miraba ya tofauti za makontena ni 2.5. Gawanya, upate mteremko wa 580, yaani kila makontena elfu moja ya ziada huja na tani 580. Mstari wenyewe, x ikiwa makontena kwa maelfu na y ikiwa tani, ni:

```
y = -300 + 580x
```

Hiyo -300 inashikilia mstari mahali pake tu. Haina maana ya shehena hasi, kwa sababu hatuna mwezi wowote wenye makontena karibu na sifuri. Bandari ikishusha makontena 5,800, makadirio ni tani 3,064. Kwa lori la tani 28, hizo ni tripu kama 109.

Sasa r ni 0.96 kweli. Inasema nukta zimeushika mstari kwa karibu. Ukibadilisha tani kuwa kilo, mteremko unakuwa 580,000 lakini r haisogei hata kidogo. Kitu kisichojua kipimo chako kitakuambiaje umekosea tani ngapi?

Kosa la makadirio linapimwa kwa masalio, yaani tofauti kati ya tani halisi na zile za mstari. Hapa mtawanyiko wake ni tani 162 hivi. Kwa kuwa miezi ni mitano tu, kizidishi cha uhakika wa asilimia 95 ni 3.18, na ukiongeza shaka ya mstari wenyewe unapata tani 623 juu au chini. Maana yake tripu 87 hadi 132. Ukiwa na miezi 24, kizidishi kinashuka hadi 2.07.

Kwa hiyo kwenye ripoti andika "tani 3,064, kati ya 2,441 na 3,687", na r uiweke kwenye mstari wake, bila alama ya asilimia.