Miguu kutambaa jioni sio damu kugoma kuzunguka

"Kila jioni nikikaa miguu inatambaa kama siafu wako ndani, lazima niitikise. Mama anasema damu haizunguki, ni kweli?"

Hapana dada, damu inazunguka sawa. Ona vile ukiinuka kutembea inapoa saa hiyo hiyo, ukikaa inarudi, na asubuhi hakuna kitu, hiyo inatoka kwa ubongo na mara nyingi ubongo umepungukiwa na madini ya chuma. Hapa ndio watu hupotea: shemeji yangu hapa Kondele alipimwa hemoglobini ikawa 12.6, akaambiwa damu iko poa, akaendelea kukanda miguu na mafuta mwaka mzima. Kupima feritini, yaani akiba ya chuma, ikawa 14, na kwa hii shida ikiwa 75 kushuka daktari anaweza kukuanzishia tembe. Alimeza na maji ya machungwa, chai akaisongeza mbali na chakula kwa sababu inazuia chuma kuingia, na ilichukua kama miezi mitatu. Usinunue tembe kabla ya kupima, chuma ikizidi inaumiza ini. Na kama unameza piritoni ndio ulale, mwambie daktari, hiyo huzidisha kutambaa.