"CPA, inatarajiwa Mei": kinachotarajiwa ni nini hasa?

Cheti kilicho njiani ni sifa ya kitaaluma ambayo umeanza kuisomea, umeshajiandikisha kwa mtihani wake, lakini bado hujaipata. Kinaruhusiwa kwenye CV, na mara nyingi kinakusaidia. Shida ni jinsi watu wanavyokiandika.

Kila msimu wa maombi ya kazi za uhasibu utakutana na mstari huu: "CPA (T), inatarajiwa Mei 2026." CPA (T) ni sifa ya mhasibu aliyeidhinishwa wa Tanzania. Aliyeuandika mstari huo hakusudii kudanganya mtu. Anajua kwamba mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu, NBAA, hufanyika Mei na Novemba, na yeye ataifanya Mei. Afisa ajira naye anausoma vingine: ifikapo Juni nitakuwa na mhasibu mwenye CPA. Kwa nafasi ambayo mwenye CPA ndiye anayetakiwa, hiyo si tofauti ndogo.

Mei ni mwezi wa kuingia chumba cha mtihani. Matokeo hutoka wiki kadhaa baadaye, na si kila anayefanya mtihani wa ngazi ya mwisho hufaulu masomo yote. Wapo wengi tu wanaobakiza somo moja au mawili na kulazimika kusubiri Novemba. Hata ukifaulu yote, bado hujamaliza. Kufaulu mitihani ni jambo moja, na kusajiliwa na bodi kama mhasibu aliyeidhinishwa ni jambo jingine, lenye maombi yake na sharti la uzoefu wa kazi. Herufi za CPA (T) nyuma ya jina ni za aliyesajiliwa, na usajili huo unasimamiwa na sheria. Kwa hiyo mtahiniwa anayeziweka juu kabisa ya CV, pembeni ya jina lake, kisha akaeleza "inaendelea" kwa maandishi madogo ukurasa wa pili, ameshajipa hadhi ambayo hajapewa. (Na hao ndio wanaoudhi zaidi, kwa sababu wanaulinda ule mstari wa ukurasa wa pili kama vile kila mtu hufika huko.)

Tuseme dada mmoja amefaulu ngazi ya kati Novemba 2025, sasa ni Machi, na amejiandikisha ngazi ya mwisho. Mstari wake unatakiwa uanze na kilichokwisha kutokea, ndipo uje kinachosubiriwa:

"Mitihani ya CPA, NBAA. Ngazi ya kati: nimefaulu, Novemba 2025. Ngazi ya mwisho: nimejiandikisha kwa mtihani wa Mei 2026, matokeo bado."

Maneno "matokeo bado" yanaonekana kama ya ziada, lakini ndiyo yanayomzuia msomaji asigeuze tarehe ya mtihani kuwa tarehe ya cheti. Mstari mzima unakaa chini ya elimu na mafunzo, haukai juu pamoja na jina. Na kwenye fomu za mtandaoni zenye kisanduku cha "tarehe ya kupata cheti", usijaze Mei 2026. Kiache wazi kama kinakubali, halafu eleza kwenye barua ya maombi.

Neno "nimejiandikisha" nalo lina uzito wake. Kupata namba ya malipo kwenye mfumo si kujiandikisha. Mpaka ada ilipwe na uandikishaji ukubaliwe, huna mtihani wa Mei. Kama bado unakusanya ada, andika tu "najiandaa kwa ngazi ya mwisho" bila tarehe. Afisa ajira makini atakuomba uthibitisho wa uandikishaji, na hapo ndipo tarehe nyingi huanza kusogea kuelekea Novemba.

Kitu kingine kinachosahaulika ni kwamba CV hukaa kwenye faili. Uliyoituma Machi inaweza kufunguliwa Agosti, na msomaji wa Agosti atadhani Mei ilikwenda vizuri. Weka mwezi wa kuandikwa kwa CV chini ya ukurasa, na ukiitwa kwenye usaili baada ya matokeo, nenda na CV mpya. Ukiwa umebakiza somo moja, sema hilohilo: "ngazi ya mwisho: limebaki somo moja, nimejiandikisha Novemba." Mwajiri anaweza kulipangia hilo, kwa mfano akupe nafasi ya uhasibu msaidizi kwanza.

Basi ndugu yangu mwenye "inatarajiwa Mei", hakuna haja ya kuufuta mstari wako. Ongeza tu neno "mtihani" mbele ya Mei, na uiondoe ile (T) mpaka bodi ikusajili.