Kwa nini anayeulizwa "hujambo?" hajibu "ndiyo"

Wanaojifunza Kiswahili ukubwani hukariri mapema kwamba *hujambo* hujibiwa *sijambo*, wakalichukulia jozi hilo kama *hodi* na *karibu*: neno la kuombea na neno la kupokelea. Sisi tuliozaliwa nalo hatukukariri, lakini wengi wetu tukiulizwa kwa nini jibu liwe hivyo tunaishia kusema "ndivyo inavyosemwa". Nafundisha sarufi, na jibu hilo hunikera kidogo, kwa sababu *sijambo* si nywila. Ni jibu linalojengwa papo hapo, kwa kanuni ileile tunayotumia kujibu karibu swali lolote la Kiswahili.

Tuanze na umbo. *Jambo* ni nomino, wingi wake *mambo*. Mbele yake kimekaa kiambishi cha nafsi kikanushi, na orodha yake kamili ni *sijambo, hujambo, hajambo, hatujambo, hamjambo, hawajambo*. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni kwamba asili yake ni *huna jambo*, *-na-* ikamezwa kwa kutumiwa sana. Iwe hivyo au isiwe, kilichobaki leo ni kiambishi kilichopachikwa juu ya neno lisilo kitenzi, kama katika *sina, huna, hana* au *sipo, hupo*. Ndiyo maana irabu ya mwisho haigeuki. Kitenzi cha Kibantu kikikanushwa katika wakati uliopo huishia na *-i*: *unasoma* huwa *husomi*. *Jambo* haligeuki kwa sababu si kitenzi. Anayelazimisha *-i* hapo atapata *hujambi*, ambalo ni neno halali kabisa la Kiswahili, lakini si la kumwuliza mtu mbele ya wakwe.

Sasa jibu. Kiswahili kinapoulizwa swali la kukubali au kukataa, hupenda kujibu kwa kurudia kiarifu chenyewe kikiwa kimegeuzwa nafsi. "Umekula?" "Nimekula." "Mmefika?" "Tumefika." *Ndiyo* inaweza kutangulia, lakini mzigo wa jibu umebebwa na kitenzi. Swali likija katika ukanushi, anayekubaliana nalo huurudisha ukanushi uleule: "Hukula?" "Sikula." Hakugeuza ukanushi, amegeuza mwenye kusemwa tu. *Hujambo* ni swali la aina hiyo. Anayeuliza anakisia kwamba huna lililokusibu. Anayejibu *sijambo* anakubaliana na kisio. Kwa hiyo kikanushi katika jibu ni alama ya kuafiki, na anayedhani *si-* hapo inakataa kitu alichoulizwa amelisoma swali kinyume.

Utamu wa jambo lenyewe uko kwa anayetaka kukataa. "Hukula?" inakatalika vizuri: "Nimekula." Je, *hujambo* inakatalika vipi? Tungehitaji umbo yakinishi, na halipo. Hakuna *nijambo* wala *najambo*. Ipo *nina jambo*, ila ukimjibu mtu hivyo atavuta kiti akidhani una habari ya kumweleza au ombi la kumpa. Kusema "hapana" peke yake kunamwacha muulizaji njia panda, hajui umekataa kisio au umekataa kuwa una tatizo. Matokeo yake mtu mwenye homa hulazimika kupita mlango uleule: "Sijambo, ila homa kidogo." Watu husema huo ni ustaarabu wa kutomwagia mtu shida kabla ya salamu kwisha. Ni kweli, lakini sarufi nayo imeufunga mlango wa pili.

Kuona nafsi zinavyohama, sikiliza simu ya kawaida kati ya shangazi na mpwa wake:

"Shikamoo, shangazi."
"Marahaba, baba. Hujambo?"
"Sijambo."
"Hamjambo huko?"
"Hatujambo."
"Mama naye hajambo?"
"Hajambo kidogo, homa imeshuka."
"Na watoto hawajambo?"
"Hawajambo."

Mpwa hakuanza na *hujambo* kwa sababu anaongea na mkubwa wake. Hiyo ni habari ya adabu, tuiache. Tazama majibu manne. Mawili ya kwanza yamegeuka: *hu-* imekuwa *si-*, *ham-* imekuwa *hatu-*. Mawili ya mwisho yamebaki vilevile. Kinachogeuka ni nafsi ya msemaji na ya msemeshwa tu, kwa sababu hao ndio wanaobadilishana zamu. Mama na watoto hawamo katika mazungumzo, wanasemwa, basi *ha-* na *hawa-* hukaa palepale yeyote anapozungumza. Kama ni kioo, basi kinawaonyesha wawili waliosimama mbele yake tu.

Jozi la *hu-* na *si-* linaonekana halifanani kwa sababu ya nafsi ya kwanza umoja. Kwingine kote ukanushi ni *ha-* mbele ya kiambishi cha nafsi: *ha-tu*, *ha-m*, *ha-wa*, na *ha-u* iliyosinyaa ikawa *hu*. Nafsi ya kwanza ilitarajiwa iwe *hani-*, lakini Kiswahili hutumia *si-*, kama katika *sisomi* na *sina*. Bila kasoro hiyo mgeni angeuona uhusiano wa swali na jibu mara moja.

Katika simu ile mpwa angeweza kuulizwa "Nyumbani hawajambo?" na akajibu "Hatujambo." Si kosa. Shangazi ameuliza juu ya watu wengine, mpwa akajihesabu ndani yao kwa kuwa anaishi nao. Angekuwa amehama, *hawajambo* ndiyo ingefaa. Kiambishi kimoja kinakwambia nani yuko wapi.

*Hajambo kidogo* nayo isipite hivi hivi. Kwa mtu aliyekuwa mgonjwa, *hajambo* hugeuka kuwa nafuu, na *kidogo* hupima nafuu hiyo. Kwa njia hiyo umbo limevuka mipaka ya salamu, hata kwa vitu: "Biashara haijambo." Lakini halikuvuka hadi kwenye njeo. Huwezi kusema *hakujambo* kwa jana wala *hatajambo* kwa kesho. Unahitaji kitenzi kingine kiubebe wakati: "Alikuwa hajambo", "Nilimwacha hajambo".

Sasa chukua "Jambo!" tupu, ile wanayorushiwa watalii. Kiambishi kimeondoka, na nafsi imeondoka nayo. Hakuna cha kugeuza, ndiyo maana hujibiwa "Jambo!" hivyo hivyo. Sina ugomvi nayo, ila isichukuliwe kuwa kifupi tu cha *hujambo*. Sehemu iliyokatwa ndiyo iliyokuwa ikifanya kazi.

Kuna sehemu nyingine isiyorudi katika jibu, nayo hunifurahisha zaidi. Anayesalimia kundi husema mara nyingi "Hamjamboni?" Wingi umeshatajwa na *ham-*, lakini *-ni* imeongezwa mwishoni, ileile ya *karibuni* na *kwaherini*. Kundi hujibu "Hatujambo", na hutasikia *hatujamboni*. Hiyo *-ni* haielezi hali ya watu; kazi yake ni kuwaita wengi wasikie. Wanaojibu hawawaiti wengi, wanamjibu mmoja, basi wanarudisha kiarifu na kuiacha *-ni* kwa aliyeileta.