Kwa nini mkandarasi akuandikie barua ya kuchelewa wakati mvua umeiona mwenyewe?

"Mkandarasi wangu ameniletea barua rasmi kwamba nyumba itachelewa kwa sababu ya mvua. Tunaongea kwenye simu kila siku, na saiti nafika. Sasa barua ya nini?"

Mikataba mingi ya ujenzi haihesabu kile ambacho kila mtu amekiona. Inahesabu taarifa ya maandishi iliyofika kwa wakati. Chukua masharti ya FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, yaliyomo kwenye Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, ambayo yametumika sana kwenye miradi mikubwa. Kifungu cha 20.1 kinampa mkandarasi siku 28 za kutoa taarifa, tangu siku alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Siku hizo zikipita kimya, haki ya kuongezewa muda imekwenda, hata kama saiti iligeuka bwawa na wewe ulisimama pembeni ukiliangalia. Tarehe ya kukabidhi inabaki ileile, na kila siku inayozidi inakatwa fidia ya kuchelewa. Mkataba mdogo wa nyumba unaweza kuwa na idadi nyingine ya siku, kwa hiyo fungua wako uisome.

Wateja wengi wanaipokea barua hii kama shambulio, lakini inamlinda mteja pia. Mwaka 1970 Mahakama ya Rufaa ya Uingereza iliamua kesi ya majengo ya makazi yaliyokuwa yakijengwa Liverpool. Nguzo za msingi zilionekana na kasoro, kazi ikasimama wiki 58, na sehemu kubwa ya muda huo ilipotea kwa sababu halmashauri ya jiji, ambayo ndiyo ilikuwa mteja, ilichelewa kuamua la kufanya. Mkataba haukuwa na njia ya kuongeza muda kwa kosa la mteja mwenyewe. Mahakama ikasema tarehe ya kumaliza haina nguvu tena, na halmashauri ikakosa fidia ya kuchelewa iliyokuwa imeandikwa kwenye mkataba. Muda ukiongezwa kwa utaratibu, kunakuwa na tarehe mpya ya kumbana mkandarasi. Usipoongezwa pale ulipostahili kuongezwa, mteja anaweza kubaki hana tarehe kabisa.

Tuje kwenye mvua yenyewe, maana hapa ndipo barua nyingi zinapoangukia. Mkandarasi anaandika "mvua za masika zimetuchelewesha" na anadhani amemaliza. Lakini aliyesaini mkataba wa kujenga Dar es Salaam kuanzia Machi alijua kwamba Machi hadi Mei ni masika, na alitakiwa kuipanga mvua hiyo kwenye ratiba yake tangu mwanzo. FIDIC ya 1999 inaongeza muda kwa hali mbaya ya hewa isiyo ya kawaida tu. Kwa hiyo barua nzuri huambatanisha vipimo vya mvua vya Mamlaka ya Hali ya Hewa kutoka kituo cha karibu, vya mwezi huo na vya miezi kama huo miaka ya nyuma, pamoja na kurasa za daftari la saiti: mvua ilianza saa ngapi, maji yalisimama kwenye mtaro kwa kina gani, mafundi wangapi walirudishwa nyumbani. Barua isiyo na viambatanisho hivyo, mteja ana haki ya kuuliza.

Tuchukue mfano wa nyumba ya ghorofa moja Kigamboni, inayotakiwa kukabidhiwa tarehe 30 Agosti. Mvua isiyo ya kawaida inaijaza mitaro ya msingi kuanzia tarehe 5 hadi 14 Mei. Hizo ni siku 10. Tarehe 15 hadi 17 zinakwenda kwenye kupampu maji, kutoa tope na kuchimba tena hadi kufikia udongo mgumu, kwa sababu zege halimwagwi juu ya tope. Jumla siku 13. Je, aombe 13? Nondo za msingi alichelewa kuziagiza mwenyewe, zikafika jioni ya tarehe 7. Maana yake tarehe 5, 6 na 7 asingeweza kumwaga zege hata jua lingewaka. Mikataba na mahakama haziko pamoja kuhusu siku za namna hiyo, ambapo sababu mbili zimegongana, lakini mkandarasi wetu anaamua kuzibeba mwenyewe na kuomba 10. Mimi namuunga mkono. Msimamizi akizikuta siku hizo kwenye daftari la saiti kabla hajaambiwa, ataanza kuzitilia shaka na zile 10 za haki.

Kuna jambo jingine analolikagua kabla ya kuandika. Siku hizohizo za mvua, mafundi walikuwa chini ya banda wakichomelea magrili ya madirisha. Magrili hayo nayo yalichelewa siku mbili, lakini hayahitajiki hadi kuta zisimame, kwa hiyo hayasogezi tarehe ya mwisho na hayaingii kwenye hesabu. Msingi ndio unaozuia kila kinachofuata. Siku zinazohesabika ni zile za kazi ambayo nyingine zote zinaisubiri.

Sasa barua, iliyoandikwa tarehe 19 Mei:

> YAH: TAARIFA YA KUCHELEWA KWA KAZI NA MAOMBI YA SIKU 10 ZA NYONGEZA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu.
>
> Kuanzia tarehe 5 hadi 17 Mei kazi ya msingi ilisimama kutokana na mvua isiyo ya kawaida na marekebisho ya mitaro iliyojaa maji (Viambatanisho A na B). Kati ya siku hizo 13, siku 3 za mwanzo tungechelewa kwa sababu ya nondo zetu, hivyo hatuziombi.
>
> Ratiba mpya: zege la msingi kukamilika 24 Mei, kukabidhi nyumba 9 Septemba badala ya 30 Agosti (Kiambatanisho C).
>
> Ili tarehe hiyo ibaki, tunaomba uamuzi wako wa maandishi kuhusu mahali pa choo cha ghorofani kabla ya 31 Mei, na aina ya vigae kabla ya 20 Juni.

Angalia aya ya mwisho. Choo kina tarehe ya mapema kuliko vigae kwa sababu mabomba yake ya maji taka yanapita kwenye zege la ghorofa, na nafasi zake huachwa kabla zege halijamwagwa. Ukibadilisha mawazo baadaye, zege linatobolewa. Vigae vinaweza kusubiri, ila vikiagizwa nje vinahitaji muda wa meli na bandari. Barua inayosema tu "tunaomba ushirikiano wako" haimwambii mteja afanye nini wala lini. Hii inamwambia, na akichelewa kujibu, siku hizo zitakuwa zake.

Nakala ya pili hugongwa mhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe, kisha inarudi kwenye faili la mkandarasi. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kutangulia, lakini kama mkataba unataka barua kwa anwani fulani, ni barua hiyo inayohesabika.

Ukiipokea, zikague siku kwa daftari la saiti kisha ujibu kwa maandishi: unakubali zote, unakubali baadhi, au unataka ushahidi zaidi. Kukubali siku si kukubali malipo. Katika masharti hayo ya FIDIC, hali mbaya ya hewa humpa mkandarasi muda peke yake. Mshahara wa mlinzi na kodi ya jenereta kwa siku zile 10 anabeba mwenyewe, na kama amevichomeka mwishoni mwa barua ya mvua, una haki ya kuvikata.