Swali moja, kazi tatu: dhana potofu kuhusu kuwagawia wanafunzi kazi ndani ya kipindi kimoja

Nafundisha Hisabati Darasa la Nne, wanafunzi 76, kipindi cha dakika 40. Dhana nitakazozitaja hapa nimezisikia kwa walimu wenzangu, na mbili kati yake nilizishika mwenyewe kwa miaka mingi. Nitazipima kwa somo moja tu, la kutoa kwa kukopa pale penye sifuri katikati, maana hilo ndilo somo linalolitawanya darasa kuliko yote ninayoyajua.

Dhana: Najua tayari nani mzito na nani mwepesi, matokeo ya muhula yanatosha

Ukweli ni kwamba alama za muhula zinakuambia mtoto alipata ngapi, hazikuambii amekwama wapi leo. Mimi naanza kipindi kwa swali moja ubaoni: 403 − 178. Dakika nne, kila mtu kwenye daftari lake, hakuna kuulizana. Napita katikati ya madawati nikiangalia jibu tu.

Jibu sahihi ni 225. Lakini majibu mawili ya makosa hujirudia kila mwaka, na kila moja lina hadithi yake. La kwanza ni 375. Huyu hakukopa kabisa. Kwenye mamoja aliona 3 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa, akaandika 5. Kwenye makumi akafanya vilevile, 7 toa 0, akaandika 7. Kwake yeye kutoa maana yake ni kutafuta tofauti ya tarakimu mbili, ipi iko juu na ipi iko chini si hoja. La pili ni 235. Huyu anajua kukopa. Alikwenda kwa mamia, 4 ikawa 3, makumi yakawa 10, mamoja yakawa 13. Alichosahau ni kwamba yale makumi 10 yalipotoa kumi moja kwa mamoja yalibaki 9. Akatoa 10 − 7, akapata 3.

Watoto hawa wawili wote wamepata vema sifuri kwa sifuri, na ukiwa na orodha ya alama peke yake utawaweka kundi moja. Wa 235 anahitaji neno moja tu la kumkumbusha. Wa 375 anahitaji kuanza na vijiti mkononi. Na nimeshaona mtoto anayeongoza darasa akiandika 375 kwa mwandiko mzuri, wa kwanza kunyoosha mkono.

Kwa hiyo makundi yangu yanazaliwa siku hiyo na kufa siku hiyo. Siyapi majina. Kundi likishaitwa Kobe, mtoto atakuwa kobe hata kwenye mada ya maumbo ambako angeweza kuwa wa mbele.

Dhana: Kugawa kazi ni kuandika maandalio matatu ya somo

Hapa ndipo walimu wengi hukata tamaa kabla ya kuanza, na wana haki, kwa sababu hakuna anayeweza kuandika maandalio matatu kwa kila kipindi. Lakini andalio ni moja, na lengo ni moja: mwanafunzi aweze kutoa namba zenye tarakimu tatu pale makumi yanapokuwa sifuri. Kinachobadilika ni njia ya kulifikia hilo.

Waliopata 375 nawaita mbele, wanakaa mkekani chini ya ubao, watano watano. Kila watano wana njiti 103 za chelewa. Njiti 100 zimefungwa mafungu kumi ya kumikumi kwa vipande vya mpira wa baiskeli, halafu mafungu yote kumi yamefungwa pamoja kuwa fungu kubwa la mia. Tatu ziko peke yake. Swali lao ni 103 − 47. Nimechagua 103 na si 403 kwa sababu ya njiti: mia moja inabebeka, mia nne itakula kipindi kizima kuhesabu. Ugumu wenyewe haukupungua, sifuri iko palepale katikati.

Naomba njiti saba. Wanazo tatu. Mmoja anasema, “Tukakope kwa makumi.” Mwingine anatazama mkeka. “Makumi hayapo, mwalimu. Utakopaje kwa mtu ambaye naye hana?” Namuuliza, basi huyo asiye na kitu afanye nini? Wanatazamana. “Naye akakope kwanza kwa jirani.” Hapo ndipo wanafungua fungu la mia, yanatoka mafungu kumi, na fungu moja linafunguliwa tena kwenda kwa mamoja. Nawasimamisha hapo na kuwauliza wahesabu mafungu ya kumi yaliyobaki. Ni tisa. Ile 9 ambayo mwaka mzima huwa inaandikwa kwa kukariri, sasa wanaiona imelala mkekani. Mamoja ni 13, toa 7 zinabaki 6. Makumi 9 toa 4 yanabaki 5. Jibu 56. Kila hatua inaandikwa daftarini wakati huohuo, njiti mkono huu, kalamu mkono huu. Wakicheza na njiti kwanza halafu waandike baadaye, vitu hivyo viwili havikutani kichwani. Hilo nililijifunza kwa kulikosea.

Waliopata 235, pamoja na waliopata 225 kwa kusitasita, wanabaki kwenye madawati yao na maswali matatu ya ubaoni: 403 − 178, 605 − 238 na 700 − 364. La kwanza nimeliandika na kulifanya nusu, ile 9 imeachwa wazi waijaze wenyewe. Kila jibu lazima walihakiki kwa kujumlisha: 225 na 178 ikirudi 403, wamepata. Uhakiki huu ndio unaoniachia dakika 15 za kukaa mkekani, kwa sababu hakuna anayehitaji kuja kwangu kusahihishiwa ili ajue kama amekosea.

Kundi hili la kati ndilo tunalolisahau sana. Hawasumbui, hawalii, wanajaza daftari. Kumbe wengi wao wanakaribia kabisa, wanahitaji swali moja lililochaguliwa vizuri.

Dhana: Wanaomaliza haraka waongezewe maswali

Nilifanya hivi kwa miaka. Aliyemaliza matano nampa mengine kumi. Mtoto si mjinga, akigundua kwamba malipo ya kumaliza ni kazi zaidi ya ileile, anajifunza kuchelewa. Anachonga penseli, anapiga mstari, anasubiri wenzake. Wengine tunawageuza wasaidizi wetu: kagawe madaftari, kachote maji, kawanyamazishe wale wa nyuma. Kwa dakika hizo kijana huyo hajifunzi Hisabati yoyote.

Kazi ya wanaowahi iwe na kina, isiwe na wingi. Nawapa mbili tu, na zote zinahusu lengo lilelile. Ya kwanza: Juma ametoa 403 − 178 akapata 235. Mwandikie sentensi tatu umweleze alipokosea, bila kumwambia jibu. Ukimsoma mtoto anayeandika “umesahau kwamba yule aliyekopeshwa naye ametoa” unajua ameelewa. Anayeandika “rudia tena vizuri” ana mbio tu.

Ya pili ni hii:

4▢3 − 1▢8 = 2▢5

Jaza tarakimu zinazokosekana. Wakipata jibu moja wanadhani wamemaliza. Nawauliza, je, lipo lingine? Wanapata 403 − 178 = 225 yenyewe, halafu 453 − 158 = 295, halafu 403 − 198 = 205. Yapo majibu 55 kwa jumla, wala sitarajii wayafikie yote. Ninachokisubiri ni mtu aseme kwamba tarakimu ya kujaza katika namba ya kwanza haiwezi kuzidi ile ya namba ya pili, na kwamba zikilingana, katikati ya jibu huja 9 kila mara. Kwa nini 9? Kwa sababu makumi yale yalikuwa yameshatoa moja. Wamerudi kwenye somo la mkekani, safari hii kwa mlango wa juu.

Na kuhusu kuwatumia kufundisha wenzao: inafaa kwa masharti. Aliyewahi akiachiwa, hunyakua penseli na kufanya yeye. Sharti langu ni kwamba kalamu yake isiguse daftari la mwenzake, na anaruhusiwa kuuliza tu, “Hapa una ngapi? Umempa nani?”

Dhana: Anayesumbuka apewe vitu rahisi

Ukimpa 8 − 3 wakati wenzake wako kwenye 403 − 178, amefurahi leo na kesho umbali umeongezeka. Anahitaji lengo lilelile na ngazi yenye vipandio vya karibukaribu.

Ila lazima niseme ukweli mmoja unaouma. Wapo watoto, kwangu mwaka huu ni saba, ambao hata 13 − 8 hawaipati bila kuhesabu vidole na kupotea njiani. Hawa mkeka wangu wa dakika 15 hauwatoshi. Tathmini za Uwezo, ambazo zimewahi kupima watoto wa Kenya, Tanzania na Uganda kwa maswali ya kiwango cha Darasa la Pili, zimeonyesha kwamba watoto wa namna hii wapo hadi madarasa ya juu. Dawa yao ni muda wa pembeni, kama ule mtindo uliokuzwa India na asasi ya Pratham: saa fulani ya siku watoto wanapangwa kwa kile wanachokiweza, bila kujali darasa. Kugawa kazi ndani ya kipindi ni jambo jingine, na ukilibebesha mzigo huo litaonekana limeshindwa. Saba hao wanakaa mkekani na wenzao, lakini mimi najua wananidai nusu saa ya mchana.

Dhana: Darasa kubwa haliwezekani

Kinachoua kipindi katika darasa kubwa ni foleni ya “Mwalimu, nimemaliza!” mbele ya meza. Foleni ikikatwa, dakika zipo: nne za swali la kupima, sita za kueleza kwa wote, ishirini za kazi, tano za kukusanya ubaoni walichokiona makundi yote, tano za swali la kufungia. Madawati hayasogezwi, wanaohama ni wa mkekani tu. Ikiwa foleni imerudi, nakagua vitu viwili: kazi ya wanaowahi ilikuwa fupi mno, au wa kati hawakuzoezwa kuhakiki. Uzoevu huo ulinichukua kama wiki tatu, na wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu.

Swali la kufungia ni moja kwa wote: 502 − 165. Natazama majibu matatu tu. Aliyeandika 463 bado anatoa ndogo kwenye kubwa. Aliyeandika 347 ameisahau 9. Aliyeandika 337 amefika. Juzi msichana mmoja wa mkekani aliandika 337, na pembeni ya daftari alikuwa amechora mafungu tisa madogo, kila fungu na mpira wake, na la kumi amelichora limefunguliwa.